Shambulio la hofu au mshtuko wa moyo: dalili zikifanana, uamue nini?

Kifua kimebana, moyo unakwenda mbio, jasho linatoka, mikono inatetemeka, na kichwani kuna wazo moja tu: ninakufa. Huyo anaweza kuwa mtu aliyepatwa na shambulio la hofu, ambaye baada ya nusu saa atakuwa ameketi anakunywa maji. Anaweza pia kuwa mtu ambaye mshipa mmoja unaolisha moyo wake umeziba, na msuli wa moyo unaanza kufa. Mgonjwa mwenyewe hawezi kuzitofautisha hali hizi mbili kwa uhakika, na daktari mzoefu naye hathubutu kutoa kauli ya mwisho bila vipimo.

Kwa hiyo nyumbani huna haja ya kujua ni ugonjwa gani. Unachohitaji kujua ni kama utapiga simu ya dharura sasa hivi au la. Swali hilo ni jepesi zaidi, na lina jibu.

Kwa nini zinafanana kiasi hiki

Katika shambulio la hofu, ubongo unapiga kengele ya hatari ingawa hatari haipo. Adrenalini inamwagika kwenye damu: moyo unadunda kwa nguvu, jasho linatoka, tumbo linavurugika, mwili unatetemeka. Mtu anaanza kuhema haraka kuliko mwili unavyohitaji, na kwa kuhema huko anatoa nje kaboni dioksidi nyingi mno. Hiyo ikipungua, kemia ya damu inabadilika na neva zinakuwa nyepesi kushtuka. Ndipo inapokuja ganzi ya kuchomachoma kuzunguka midomo na kwenye ncha za vidole, na kwa wengine vidole hukakamaa kabisa. Mishipa ya damu ya ubongo nayo hujibana kidogo, mtu akapata kizunguzungu au akajiona kama yuko mbali na mwili wake. Misuli ya kati ya mbavu, iliyofanya kazi kupita kiasi, huanza kuuma. Maumivu hayo ni ya kweli. Anayemwambia mgonjwa wa namna hii kwamba "unajifanya" anakosea.

Mshtuko wa moyo huanzia kwingine. Ndani ya ukuta wa ateri ya moyo kuna utando wa mafuta uliojengeka kwa miaka. Siku moja utando huo unapasuka, damu inaganda juu ya mpasuko, na njia inaziba. Sehemu ya moyo iliyo mbele ya kizuizi inakosa oksijeni na kuanza kuuma. Mwili unaitikia msiba huo kwa kumwaga adrenalini ileile, na ndiyo sababu naye huyu anatoka jasho, anahema na anashikwa na hofu.

Hofu ya kufa ni mojawapo ya dalili za mshtuko wa moyo. Nalisisitiza hili kwa sababu kosa la kawaida la watu walio karibu ni kumtazama mgonjwa, kuona ameogopa sana, na kukata shauri kwamba basi ni hofu tu. Kuogopa hakuthibitishi lolote kati ya haya mawili.

Maumivu yakoje?

Maumivu ya moyo kwa kawaida ni ya kukandamiza, kubana au kuelemea, katikati ya kifua nyuma ya mfupa. Mtu akiulizwa yako wapi, mara nyingi huweka kiganja kizima au ngumi kifuani, kwa kuwa hawezi kuonyesha kwa kidole. Wengi hata hulikataa neno maumivu. Ukimuuliza, "Unaumwa kifua?" atasema hapana. Ukimuuliza, "Unasikia nini kifuani?" atakuambia kuna uzito, kuna kitu kimekaa hapa. Uzito huo huweza kusambaa hadi shingoni, kwenye taya, mgongoni kati ya mabega, kwenye chembe cha moyo, au mikononi. Watu wengi wamesikia habari za mkono wa kushoto tu, lakini maumivu yanayoshuka kwenye mikono yote miwili, au hata wa kulia peke yake, yanaelekeza kwenye moyo kwa nguvu zaidi.

Maumivu ya shambulio la hofu mara nyingi ni ya kuchoma kama ncha ya kitu kikali, mahali padogo panapoonyesheka kwa kidole. Huzidi ukivuta pumzi ndefu, ukigeuka, au ukipabonyeza. Kwenye mikono, kinachosikika zaidi ni ganzi ya kuchomachoma vidoleni, pande zote mbili, pamoja na midomo. Ganzi hiyo na uzito unaouma mkononi ni vitu viwili tofauti, na inafaa kumuuliza mgonjwa anachokisikia hasa ni kipi.

Hata hivyo, wapo waliopata mshtuko wa moyo huku wakielezea maumivu makali ya kuchoma, na wapo ambao kifua kilipobonyezwa kiliuma. Dalili ya aina hiyo hupunguza uwezekano, haiufuti. Wapo pia wasio na maumivu ya kifua kabisa. Wanawake, wazee na wenye kisukari ndio wanaoonekana zaidi katika kundi hili: kinachowaleta hospitali ni pumzi kukata, kichefuchefu, uchovu usio wa kawaida, au kijasho chembamba cha baridi kilichoanza bila sababu. Kwa mwanamke wa makamo, hali kama hiyo ni rahisi sana kuitwa wasiwasi, na hapo muda unapotea.

Saa inasema nini, na isichoweza kusema

Shambulio la hofu hupanda haraka. Kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika 10, kisha huanza kushuka, na ndani ya dakika 20 hadi 30 sehemu kubwa huwa imepita, likimwacha mtu amechoka. Mshtuko wa moyo hauna kilele cha namna hiyo. Unaweza kuanza taratibu na kuendelea kukaza, au ukaja, ukapungua, ukarudi.

Kutokana na tofauti hii, wengi hujiwekea utaratibu wa kungoja: "Nitasubiri nusu saa, isipopita nitakwenda." Mimi siukubali ushauri huo kwa mtu ambaye hali hii ni mara yake ya kwanza. Ateri ikiziba kabisa, msuli wa moyo huanza kufa ndani ya nusu saa hivi, na uharibifu huendelea kwa saa kadhaa kadiri damu inavyozidi kukosekana. Kusubiri ili upate jibu ni kulipia jibu hilo kwa dakika ambazo matibabu yangekuwa na nguvu kuliko wakati wowote. Tena maumivu yakipungua yenyewe hayajasafisha jina la moyo, kwa kuwa damu iliyoganda inaweza kuachia kidogo kisha ikaziba upya.

Kilichotangulia nacho kina uzito wake. Kubana kwa kifua kunakokuja ukipanda ngazi au kubeba mzigo, na kutulia ukipumzika, ni lugha ya moyo. Shambulio la hofu linaweza kuja bila kuchokozwa na chochote, hata usingizini. Lakini usiseme, "Imeanza baada ya habari mbaya, basi ni hofu." Huzuni au mshtuko mkubwa wa hisia unaweza kuudhoofisha msuli wa moyo ghafla. Madaktari wa Japani ndio walioieleza hali hiyo mwaka 1990 na kuiita takotsubo. Huwapata zaidi wanawake waliokwisha koma hedhi, na mwanzoni haitofautiki na mshtuko wa moyo wa kawaida mpaka mishipa ya moyo ipigwe picha.

Kuna vitu vingine ambavyo watu huvitumia kuamua na ambavyo havifai kwa kazi hiyo. Dawa ya kiungulia ikikutuliza, haithibitishi kwamba ni tumbo. Kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni kinaweza kuonyesha kiwango kizuri katika hali zote mbili. Saa ya mkononi inayochora umeme wa moyo huutazama moyo kutoka upande mmoja tu. Inaweza kusaidia kuona mapigo yaliyovurugika, lakini haikuundwa kugundua mshipa ulioziba. Na umri mdogo hupunguza hatari, hauondoi.

Uamuzi wenyewe

Linganisha makosa mawili. Ukiita msaada kwa ajili ya shambulio la hofu, umepoteza saa chache na pengine fedha, na umepimwa. Ukikaa nyumbani na mshtuko wa moyo, unaweza kupoteza sehemu ya moyo isiyorudi, au uhai. Makosa haya hayalingani uzito, ndiyo maana kanuni imeegemea upande mmoja kwa makusudi.

Kama hujawahi kuambiwa na daktari kwamba una mashambulio ya hofu, na kifua kimebana, kimeelemewa au kinauma kwa zaidi ya dakika 5, piga simu ya dharura. Dakika hizo 5 usizingoje kama pia umetoka kijasho cha baridi, umetapika, pumzi inakata, umezimia au umekaribia kuzimia, au maumivu yamefika kwenye taya, mgongo au mikono. Vivyo hivyo kama una kisukari, presha, kolesteroli ya juu, unavuta sigara, au mzazi au ndugu yako alipata ugonjwa wa moyo akiwa bado hajazeeka.

Kama mashambulio ya hofu unayajua, yamekwisha kuchunguzwa, na hili la leo limefanana na yale mengine kwa kila kitu, unaweza kukaa, kupumua taratibu na kuangalia saa. Likifuata njia yake ya siku zote na kushuka, sawa. Lakini jiulize kwa ukweli: je, mahali panapouma ni palepale? Linasikika vilevile? Limeanza kwa namna ileile? Jibu moja la "hapana" linatosha kukuhamishia kwenye kundi la kupiga simu. Kuwa na mashambulio ya hofu hakumkingi mtu na ugonjwa wa moyo.

Jioni moja, hatua kwa hatua

Tuchukue mama wa miaka 52. Ana presha na anameza dawa. Mashambulio ya hofu alianza kuyapata miaka mingi iliyopita, na anayajua vizuri: moyo unaanza kukimbia ghafla, midomo inapata ganzi, anahisi chumba kimekuwa chembamba, na baada ya kama robo saa yanapita.

Jioni hii anapiga pasi. Anasikia uzito nyuma ya mfupa wa kifua, unaopanda kidogo kidogo hadi chini ya taya. Anazima pasi, anakaa, anaanza kupumua kama alivyofundishwa. Dakika 10 zinapita. Uzito uko palepale, na nguo imelowa jasho mgongoni. Mwanawe anaingia.

"Mama, ni yale ya siku zote?"

"Sijui mwanangu. Moyo haukimbii hata. Ila hapa pamekaa kitu."

Sentensi hiyo ndiyo ya kuisikiliza. Watu wengi wangefarijika kusikia kwamba moyo haukimbii, kumbe katika baadhi ya mishtuko ya moyo mapigo huwa ya kawaida au hata ya polepole. Na hapa kila alama aliyoizoea imekosekana: hakuna mbio za moyo, hakuna ganzi ya midomo, hakuna kilele. Kilichopo ni uzito, taya, jasho na muda. Mtoto hana haja ya kujua zaidi ya hapo, anapiga simu.

Wakati wanasubiri, mama anakaa sakafuni ameegemea ukuta, magoti yamekunjwa, ili hata akizimia asianguke. Mlango unafunguliwa na kuachwa wazi. Hatembei huku na huko kukusanya vitu. Mtoto anamuuliza mhudumu wa simu kuhusu aspirini na kumweleza kwamba mama hana mzio nayo, hana kidonda cha tumbo kinachotoka damu, hajawahi kukatazwa, wala maumivu si ya kuraruka kuelekea mgongoni. Anaambiwa ampe miligramu 300 aitafune. Kutafuna kunafanya dawa iingie kwenye damu haraka kuliko kumeza kidonge kizima. Aspirini huzuia chembe sahani za damu zisiendelee kushikamana kwenye kile kizuizi. Katika jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 1988, lenye wagonjwa zaidi ya 17,000 waliodhaniwa kuwa na mshtuko wa moyo, aspirini ilipunguza vifo kwa zaidi ya moja ya tano. Kama ingekuwa haipatikani ndani ya nyumba, asingetoka mtu kwenda kuitafuta na kumwacha mama peke yake.

Anaendelea kupumua taratibu, akivuta kwa pua na kutoa kwa mdomo kwa muda mrefu zaidi kuliko alivyovuta. Hilo halidhuru katika hali yoyote kati ya hizi mbili. Kupumulia ndani ya mfuko wa karatasi, ambako watu wa zamani walifundishwa, kusifanyike: kama ni moyo, mfuko unaupunguzia oksijeni msuli ambao tayari unaililia.

Kisha usafiri. Gari la wagonjwa ni bora kwa sababu hatari kubwa ya saa ya kwanza ni moyo kupoteza mpangilio wake wa mapigo na kusimama, na ndani ya gari hilo kunatarajiwa kuwe na mashine ya kuushtua urudi. Mahali ambapo gari hilo halifiki kwa wakati, aendeshe mtu mwingine, kamwe asiwe mgonjwa, na iende hospitali yenye kipimo cha umeme wa moyo, hata kama kuna zahanati ya karibu zaidi isiyo nacho. Na kama angezimia na kuacha kupumua kawaida, mtoto angeweka viganja katikati ya kifua na kukandamiza kwa nguvu, sentimita 5 hadi 6 kwenda chini, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka msaada ufike.

Hospitalini, kipimo cha umeme wa moyo kinatakiwa kifanyike ndani ya dakika 10 tangu kufika. Cha huyu mama hakionyeshi kitu cha wazi. Damu inapimwa troponini, protini inayovuja kutoka kwenye msuli wa moyo ulioumia. Nayo iko chini. Hapa ndipo wengine huomba kurudi nyumbani. Lakini troponini huchukua saa kadhaa kupanda, kwa hiyo kipimo kimoja kilichochukuliwa mapema hakitoshi. Kinarudiwa baada ya saa 3, na sasa kimepanda. Ateri haikuwa imeziba kabisa, ilikuwa imebanwa sana, na msuli umeumia kidogo. Anaanzishiwa dawa za kuzuia damu kuganda na kupangiwa kuchunguzwa mishipa. Kama angejipa jina la hofu na kwenda kulala, asubuhi huenda kizuizi kingekuwa kimekamilika.

Vipimo vikiwa safi

Kama vipimo vyote, pamoja na vile vya kurudiwa, vingekuwa safi, hakuna aliyepaswa kumwona amesumbua watu. Jina la shambulio la hofu linapaswa kutolewa baada ya kuondoa mengine, na mengine hayo si moyo tu: damu iliyoganda kwenye mapafu, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, sukari kushuka, na upungufu wa damu vinaweza kuvaa sura hiyohiyo.

Moja linastahili kutajwa peke yake kwa sababu mara nyingi linapewa jina la hofu kimakosa, hasa kwa wanawake vijana. Ni mbio za ghafla za moyo zinazotokana na hitilafu ya njia za umeme ndani ya moyo. Huanza kwa mpigo mmoja na kukoma kwa mpigo mmoja, kama taa inapowashwa na kuzimwa, na kati ya hapo mapigo huwa 150 hadi 220 kwa dakika. Shambulio la hofu hushuka polepole. Ukiona moyo wako unakoma kukimbia kwa mkupuo, mwambie daktari hivyo hivyo, na omba upimwe umeme wa moyo mbio hizo zikiwa zinaendelea, kwa kuwa zikishapita kipimo kinaweza kuwa safi kabisa.

Iwapo ni hofu kweli, lina tiba. Mazoezi ya kisaikolojia yanayomfundisha mtu kuzitazama dalili zake bila kuzikimbia hufanya kazi vizuri, na zipo dawa za kila siku zinazopunguza mashambulio baada ya wiki chache.

Kabla ya kuondoka hospitali, omba nakala ya kipimo chako cha umeme wa moyo na ukipige picha kwa simu. Siku nyingine kifua kikibana, daktari atakayekupokea ataweza kulinganisha mchoro mpya na wa zamani, na badiliko dogo ambalo pengine lingempita ataliona.